Likizo Ianze Baada ya Sikukuu, Siyo Ndani Yake

Mwaka unapokaribia kwisha, ofisi nyingi hupitisha ratiba ya likizo. Kila mfanyakazi anaulizwa atapumzika lini mwaka ujao, na wengi hujaza kwa mazoea. Anayekwenda Moshi kuhesabiwa huandika Desemba, mwenye watoto shuleni huandika Juni, asiye na safari huandika mwezi wowote uliobaki. Ni wachache wanaoweka kalenda ya mwaka mzima mezani, wakatia alama sikukuu zote, kisha ndipo wakaandika tarehe. Hao wachache hupumzika siku nyingi zaidi kuliko wenzao, kwa likizo ile ile na mshahara ule ule.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sikukuu ikiwa Alhamisi, ukiomba Ijumaa peke yake unapata siku nne pamoja na Jumamosi na Jumapili. Ikiwa Jumanne, unaomba Jumatatu. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba hesabu hii haifanyi kazi sawasawa kila nchi, na kwamba Tanzania Bara ina kanuni inayoweza kuila faida yote bila mwenye likizo kugundua.

Tuanze na kanuni hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Neno la kuliangalia hapo ni "mfululizo". Siku hizo ni za kalenda, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba sikukuu yoyote itakayoangukia ndani ya likizo nayo imo ndani ya hizo 28. Mfanyakazi aliye likizo siku ya Ijumaa Kuu ametumia siku yake moja ya likizo kupumzika siku ambayo angepumzika hata asingeomba.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga mambo ni tofauti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inatoa siku zisizopungua 21 za kazi. Siku ya kazi ni ile ambayo ungekuwa kazini, hivyo wikendi na sikukuu zinakaa nje ya hesabu zenyewe. Mkenya anaweza kuomba kuanzia siku yoyote hadi siku yoyote, na sikukuu iliyo katikati hailiwi. Mtanzania akifanya vivyo hivyo, inaliwa. Ndiyo maana ushauri wa likizo unaosambaa mitandaoni kutoka Nairobi au Ulaya humponza mtu wa Dar es Salaam au Mwanza: tarehe zinafanana, lakini anayehesabu anatumia kipimo kingine.

Nichukue mfano mmoja niupitie hatua kwa hatua. Mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28. Ijumaa Kuu inakuwa Machi 26 na Jumatatu ya Pasaka ni Machi 29. Siku chache baadaye, Jumatano ya Aprili 7, ni Siku ya Karume. Sikukuu hizi mbili zimekaa karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuziunganisha.

Tumchukue mfanyakazi wa kubuni, tumwite Neema, aliyeajiriwa na kampuni ya bima Dar es Salaam na anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Wazazi wake wako Songea, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Safari ya kwenda na kurudi inamla siku mbili nzima, kwa hiyo wikendi ndefu ya Pasaka peke yake haimtoshi hata kukaa na mama yake akatulia. Anataka kuwa nje ya ofisi kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumapili ya Aprili 11, ambazo ni siku 17.

Anachukua fomu ya likizo. Ina nafasi ya "kuanzia tarehe", nafasi ya "hadi tarehe", idadi ya siku, na siku zilizobaki. Akiandika kuanzia Machi 26 hadi Aprili 11, ofisa wa rasilimali watu atahesabu siku 17 na kuzikata kwenye 28. Zitabaki 11. Ofisa hajamdhulumu mtu. Amehesabu kama sheria inavyosema, kwa sababu Neema mwenyewe ndiye aliyeziingiza sikukuu tatu na wikendi zote tatu ndani ya likizo yake.

Sasa aandike tofauti. Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka ofisi imefungwa, kwa hiyo hana haja ya kuziomba siku hizo. Likizo yake inaanza Jumanne, Machi 30, na inaishia Jumanne, Aprili 6. Hizo ni siku nane, wikendi ya katikati ikiwamo. Jumatano ni Karume, haiombi. Halafu kuna Alhamisi na Ijumaa, Aprili 8 na 9, anaziomba peke yake kama siku mbili, na wikendi inayofuata ni yake kama ilivyo ya kila mtu. Jumla ametumia siku kumi. Yuko nyumbani siku zile zile 17, ila amebakiwa na siku 18 badala ya 11. Tofauti ya siku saba imetokana na tarehe alizoziandika kwenye karatasi tu.

Kanuni anayopaswa kuibeba Mtanzania, basi, ni hii: likizo ianze siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu au wikendi, na iishie siku ya mwisho ya kazi kabla yake. Kila tarehe ya mwanzo inayoangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ni siku iliyotupwa. Na kama sikukuu iko katikati ya mapumziko unayoyataka, kata ombi vipande viwili, moja kabla na moja baada.

Hapo kwenye kukata vipande ndipo kuna ugumu, na ni haki msomaji aujue. Sheria inazungumzia siku 28 mfululizo, yaani kipande kimoja, na inampa mwajiri mamlaka ya kuamua likizo ichukuliwe lini, mradi isizidi miezi sita baada ya mzunguko kwisha. Muda huo unaweza kufika miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kwenda kwa mwajiri akadai siku mbili mbili kama haki yake. Vipande ni makubaliano. Ofisi nyingi huvikubali, kwa sababu mtu akiondoka siku kumi pengo lake linazibika kirahisi kuliko akiondoka siku 28, lakini vinakubaliwa kwa hiari.

Kuna mlango mwingine ndani ya kifungu hicho hicho ambao watu hawautumii. Sheria inaruhusu siku 28 zipunguzwe kwa idadi ya siku ambazo mfanyakazi aliomba mwenyewe ruhusa yenye malipo, akapewa. Ofisini tunaiita ruhusa tu: nakwenda kwenye msiba wa jirani, nakwenda kusimamia fundi, nipe siku moja. Ile Alhamisi na Ijumaa ya Neema inaweza kuombwa kwa njia hiyo, kwa barua fupi inayosema kwamba anaomba ruhusa ya siku mbili yenye malipo, zikatwe kwenye likizo yake ya mwaka. Ombi la namna hii linamrahisishia mwajiri kwa sababu linataja lenyewe zitakatwa wapi, na linamlinda mfanyakazi kwa sababu linataja siku mbili za kazi. Wikendi inayofuata haimo.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, soma mkataba wako. Sheria imeweka kiwango cha chini, na mikataba inaandikwa kwa namna tofauti. Baadhi ya kampuni huandika siku 28 za kazi, na mwenye mkataba huo ana neema kubwa kuliko anavyofikiri, maana ni zaidi ya wiki tano. Nyingine huzigeuza siku 28 za kalenda kuwa siku 20 za kazi, kwa sababu wiki nne zina siku 20 za Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hesabu hiyo ya mwisho, mapumziko ya Neema yangemgharimu siku nane kati ya 20. Kipimo kimebadilika, lakini faida ipo. Unachotakiwa kujua ni kipimo kipi kinatumika kwako, na njia ya haraka ya kukijua ni kuitazama fomu yako ya likizo iliyopita. Kama uliondoka Jumatatu ukarudi kazini Jumatatu ya pili yake, na fomu imeandikwa siku saba, unahesabiwa kwa kalenda. Ikiwa imeandikwa tano, unahesabiwa siku za kazi. Kwa anayefanya kazi mpaka Jumamosi, ile tano itakuwa sita, na faida ya kila sikukuu kwake inapungua kidogo kwa sababu wikendi yake ni siku moja.

Baada ya Pasaka, mwaka 2027 una nafasi nyingine nzuri. Sikukuu ya Muungano, Aprili 26, ni Jumatatu. Mei Mosi ni Jumamosi, na kwa Tanzania sikukuu iliyoangukia Jumamosi au Jumapili imepita hivyo, hakuna Jumatatu ya fidia. Lakini anayeomba kuanzia Jumanne, Aprili 27, hadi Ijumaa, Aprili 30, anatumia siku nne na anapumzika tisa, tangu Jumamosi ya Aprili 24 hadi Jumapili ya Mei 2. Mapinduzi, Januari 12, ni Jumanne, hivyo inadai Jumatatu moja. Siku ya Nyerere, Oktoba 14, na Siku ya Uhuru, Desemba 9, zote ni Alhamisi, na kila moja inadai Ijumaa moja tu.

Sabasaba ningeiacha. Mwaka huo ni Jumatano, na ukitaka kuiunganisha na wikendi ya upande wowote unalipa siku mbili kupata tano. Nanenane ni Jumapili. Na Desemba, ambayo watu wengi wa Kaskazini huipangia mwaka mzima, ni mbaya kuliko zote: Krismasi ni Jumamosi, siku ya pili yake ni Jumapili, na Mwaka Mpya wa 2028 unaangukia Jumamosi. Mtu anayekwenda Rombo au Marangu kwa wiki mbili atazilipia siku zote kutoka mfukoni mwa likizo yake, bila hata sikukuu moja ya kumsaidia. Siwezi kumwambia mtu asiende kwao Krismasi. Ninachosema ni kwamba anayejua gharama hiyo mapema atazibana siku zake Januari hadi Oktoba, na hatajikuta Desemba amebakiwa na siku tatu.

Sikukuu za Kiislamu zinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa zinafuata mwezi mwandamo. Idd el Fitri ya 2027 inatazamiwa kuwa Jumanne ya Machi 9 au Jumatano ya Machi 10, na Tanzania hupumzika siku mbili. Ikiwa Idd itakuwa Jumatano, mapumziko ni Jumatano na Alhamisi, na Ijumaa moja inakupa siku tano. Ikiwa mwezi umeandama mapema, mapumziko ni Jumanne na Jumatano, na aliyeomba Ijumaa peke yake atajikuta anatakiwa kazini Alhamisi, huku mkoba wake uko Tanga. Nimeona watu wakirudishwa njiani kwa jambo hili. Dawa yake ni kuliandika ombi kwa kufuata sikukuu badala ya tarehe: "naomba siku za kazi zitakazofuata sikukuu ya Idd hadi mwisho wa wiki hiyo". Msimamizi akisaini maneno hayo, mwezi ukiandama siku yoyote, ombi lako bado lina maana, na hesabu inakamilishwa baada ya tangazo. Pia usikate tiketi ya basi ya siku yenyewe ya kurudi ofisini. Acha siku moja.

Wapo ambao hesabu hii yote inawageukia. Muuguzi, mlinzi, mhudumu wa hoteli na dereva wa basi hawafungiwi kazi siku ya sikukuu. Kwao sheria inasema kila saa ya kazi siku ya sikukuu ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa. Anayechukua likizo Pasaka, basi, amekosa malipo hayo na pia ametumia siku yake. Kwa mfanyakazi wa zamu, likizo yenye faida ni ile inayokaa mbali kabisa na sikukuu: Februari, au sehemu kubwa ya Novemba. Hupumzika wakati nauli ni za kawaida na mabasi ya Mbezi yana nafasi, na akirudi anakuta sikukuu zake zikimsubiri na malipo yake. Naona ni haki yake ndogo ya kufidiwa kwa kukosa ubwabwa wa nyumbani siku ya Idd.

Nirudi Kenya kidogo, kwa sababu wasomaji wa upande huo nao wana mtego wao. Kwao kipimo ni siku za kazi, na tena sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria ya sikukuu inaihamishia Jumatatu. Mwaka 2027 hilo linawapa Oktoba nzuri sana. Siku ya Mazingira, Oktoba 10, ni Jumapili, hivyo mapumziko yanahamia Jumatatu ya 11. Mashujaa, Oktoba 20, ni Jumatano ya wiki inayofuata. Ukiomba siku za kazi zilizobaki katika wiki hizo mbili, ambazo ni nane, unapumzika tangu Jumamosi ya Oktoba 9 hadi Jumapili ya Oktoba 24, siku 16. Huhitaji kukata ombi vipande, maana sikukuu ya katikati haihesabiwi.

Mtego uko kwenye kugawa. Sheria ya Kenya inaruhusu likizo igawanywe kwa maelewano, lakini isipokuwa kama kuna makubaliano mengine, inataka sehemu moja iwe wiki mbili za kazi zisizokatizwa, na sehemu hiyo ichukuliwe ndani ya miezi 12 ile ile. Wiki mbili ni siku kumi. Kwa hiyo katika zile 21, za kuchezea kwenye sikukuu ni 11. Anayezimaliza zote kwa Ijumaa na Jumatatu za hapa na pale anaweza kuambiwa na mwajiri, kwa haki, kwamba sasa hana kipande kirefu ambacho sheria inakitaka.

Na mimi nadhani sheria hiyo imeona mbali. Wikendi ndefu sita zinapendeza kwenye karatasi, lakini mtu aliyechoka kweli hatulii kwa siku nne. Siku ya kwanza anafua na kulala, ya mwisho anajiandaa kurudi, na simu ya ofisini inaita katikati kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kazi zake. Kipande kirefu kinalazimisha makabidhiano: kuna mtu anakaimu, faili linajulikana liko wapi, mteja anapewa namba nyingine ya simu. Sheria ya Tanzania haimruhusu mwajiri kumtaka mfanyakazi afanye kazi akiwa likizo bila ridhaa yake, na katazo hilo ni rahisi kuliheshimu pale ambapo kazi imekabidhiwa kwa maandishi. Ningemshauri Neema achukue zile siku kumi za Pasaka, achukue Ijumaa ya Nyerere na ya Uhuru akipenda, na zilizobaki aziache kwa ajili ya mgonjwa wa ghafla nyumbani au kwa Desemba ile isiyo na msaada.

Jambo la mwisho ni kuwahi. Sikukuu ni za wote, na idara yenye watu watano haiwezi kuwaachia wanne wiki ya Karume. Mwajiri ana mamlaka ya kusema hapana, na kwa kawaida husema hapana kwa aliyechelewa. Peleka ombi ratiba inapoandaliwa, taja nani atakaimu, na kama mwaka jana ulipata Pasaka, mwachie mwenzako safari hii na wewe uchukue Muungano. Ofisi zinazopokezana namna hiyo hazina ugomvi wa likizo, na wasimamizi wake hutoa vipande bila kunung'unika.

Kwa aliyekwisha kuikosa 2027, mwaka 2028 ni bora zaidi. Siku ya Karume itakuwa Ijumaa, Aprili 7, na Ijumaa Kuu ni Aprili 14, wiki moja kamili baadaye. Ukiomba Jumatatu ya Aprili 10 hadi Alhamisi ya Aprili 13, unatumia siku nne, na unarudi kazini Jumanne ya Aprili 18 baada ya kupumzika siku 11. Wiki hiyo itagombewa, kwa hiyo jina lako liwe la kwanza kwenye ratiba.